Kutafsiri skripti ya kozi ya mtandaoni: vile viambishi vinakula sekunde na kuvujisha majibu ya kwizi

Msomaji wetu alisimama katikati ya slaidi ya 7, akavua hedifoni, akaniambia, "Brathe, hii sentensi imenimaliza pumzi." Tulikuwa Kisumu, kwa chumba kidogo chenye tumetundika mablanketi ukutani, na ilibidi tumalize kabla ya saa tisa ju mvua ikianza kugonga mabati hakuna kurekodi tena. Kozi yenyewe ilikuwa ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanazunguka nyumba kwa nyumba, inawafunza kupima malaria na kile kipimo cha haraka cha kudunga kidole. Mimi ndio nilikuwa nimetafsiri. Na nilikuwa nimehesabu maneno vizuri kabisa, kizungu maneno 24, kiswahili 28, tofauti ya maneno manne nikaona hio haina shida. Kumbe nilikuwa nimehesabu kitu isiyofaa.

Kabla sijaeleza, kwanza tuelewane hii skripti huwa inafanana aje. Ukitumiwa kazi kutoka Storyline, ile programu ya kutengeneza kozi za mtandaoni, mara nyingi unapata faili ya Word yenye jedwali refu, safu moja ni ID (hio usiguse hata herufi moja, ndio programu inatumia kujua kila mstari unarudi wapi), safu nyingine ni maandishi ya kizungu, na nyingine iko wazi ungojee kuijaza. Shida ni kwamba kila kitu kimewekwa hapo pamoja. Kichwa cha slaidi, kitufe, swali la kwizi, ujumbe wa kumwambia mtu amekosa, maelezo ya picha, na ile sauti yenyewe ya kusomwa ambayo kawaida imefichwa kwa noti za slaidi. Ukianza kutafsiri kutoka juu kwenda chini kama barua utaharibu, ju hizo ni aina tofauti za maandishi na kila moja ina sheria yake. Mimi siku hizi nafungua kozi yenyewe kwa skrini moja, jedwali kwa nyingine, na sitafsiri mstari kabla sijauona mahali unakaa.

Sasa turudi kwa pumzi ya msomaji. Slaidi ya 7 inasema usisome matokeo kabla dakika zifike, kwa sababu ukisoma mapema mstari hafifu unaweza kuwa haujatokea na utamwambia mtu hana malaria na anayo. Kizungu ilikuwa inachukua sekunde 10. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Unapaswa kusubiri kwa muda wa dakika kumi na tano zote kabla ya kusoma matokeo ya kipimo. Endapo utayasoma matokeo hayo mapema zaidi, huenda mstari uliofifia ukawa bado haujajitokeza."

Ni kiswahili safi, mwalimu wangu wa shule angenipa alama. Lakini angalia neno kama "haujajitokeza". Kwa hesabu ya kompyuta hilo ni neno moja, kwa mdomo ni silabi saba. Kizungu kinaweka "si" pembeni, "bado" pembeni, nani anafanya pembeni, kila kimoja neno lake fupi, sisi tunavishona vyote mbele ya kitenzi na inakuwa neno moja. Kwa hivyo hesabu ya maneno kwa kiswahili haikuambii chochote kuhusu muda. Ile ya kizungu ilikuwa na silabi 30. Yangu ilikuwa na 80.

Uzuri ni kwamba silabi zetu ni rahisi kuhesabu kuliko za lugha nyingi, ju silabi ya kiswahili inaishia kwa vokali. Hesabu vokali tu, a e i o u, alafu ongeza moja kila mahali kuna "m" au "n" imesimama peke yake kama kwa "mstari", "mgonjwa", "nchi". Basi. Unaweza kufanya hii na kidole kwa karatasi, au kama sentensi ni nyingi unaziweka kwa spredishiti uhesabu vokali na fomula, utakosa zile "m" chache lakini utakuwa karibu sana.

Alafu unahitaji kujua msomaji wako anaenda na kasi gani. Usichukue namba ya mtu mwingine. Mpe aya moja ya silabi kama 300, asome vile atasoma kwa kozi, mpime na saa ya simu, gawanya. Dada yetu huyu alikuwa anaenda silabi 6 kwa sekunde akiwa ametulia. Sasa fanya hesabu: silabi 80 gawanya kwa 6 ni sekunde 13 na kitu, na nafasi ni 10. Hata akikimbia haingii, na akikimbia anasikika kama mtangazaji wa mpira.

Hapo nikakaa nikapunguza:

"Subiri dakika kumi na tano zote ndiyo usome matokeo. Ukisoma mapema, mstari hafifu huenda haujatokea."

Silabi 44. Sekunde 7 na ushei, ongeza kituo cha nusu sekunde katikati, inaingia na inabaki nafasi ya kupumua. Na ukiangalia sijatoa maana yoyote. "Unapaswa kusubiri" imekuwa "subiri". "Kwa muda wa" ilikuwa mapambo. "Endapo utayasoma matokeo hayo" imekuwa "ukisoma", hio "-ki-" inafanya kazi ya maneno matatu. Hivi viambishi vinavyokumaliza ndio pia vinaweza kukuokoa ukivitumia vizuri, "ukisoma" ni silabi nne na inabeba nani, lini na sharti. Kitu cha kukata kwanza kwa skripti ya sauti ni zile "kwa ajili ya", "katika hali ya", "ni muhimu kukumbuka kwamba", ambazo huwa tunaziweka tu ili tusikike rasmi.

Kuna kitu hakikatiki, nayo ni namba. Mwaka 1987 kwa kizungu unasomwa kwa silabi sita. Sisi tunasema "elfu moja mia tisa themanini na saba", hizo ni 15. Kwa skrini inaonekana sawa, tarakimu nne, kwa sauti imekula zaidi ya sekunde nzima ya ziada. Kwa hivyo ukiona slaidi yenye miaka na asilimia nyingi jua mapema hapo kuna kazi, na muulize mwenye kozi kama sauti inaweza kuacha namba ionekane kwa skrini tu bila kusomwa. Kwa hii ya malaria pia kulikuwa na sababu nyingine ya kuuliza. Vipimo vya kampuni tofauti vina muda tofauti, vingine dakika 15, vingine 20, na ikisemwa kwa sauti alafu kaunti ibadilishe aina ya kipimo itabidi mrudi studio kwa neno moja. Nilipendekeza sauti iseme "subiri muda ulioandikwa kwa karatasi ya kipimo" na ile namba ikae kwa skrini, ambapo inabadilishwa kwa dakika mbili. Walikataa, wakasema mwanafunzi asipoisikia hataishika. Sawa, ni kozi yao.

Ukishaingiza sauti kwa nafasi yake bado hujamaliza, ju picha nazo zinatembea. Kwa slaidi hio mstari hafifu ulikuwa unajitokeza kwa picha kwenye sekunde ya 7, pale kizungu kilikuwa kinautaja. Kwa tafsiri fupi neno "mstari" linakuja baada ya silabi 29, yaani kama sekunde ya 5 na kidogo ukihesabu kituo. Kwa hivyo sauti inasema mstari, skrini haina mstari, mtu anangoja karibu sekunde mbili akishangaa ni mstari gani, alafu unatokea wakati sauti inakaribia kuisha. Hii utaiona tu ukicheza slaidi nzima, kwa jedwali haionekani. Dawa ni mbili. Kama faili ya mradi unayo, sogeza alama ya muda kwenye taimilaini (kwa Storyline unacheza slaidi na kubonyeza C pale unataka alama ikae). Kama huna, na watafsiri wengi hatupewi, basi rekebisha sauti: mwambie msomaji anyamaze sekunde moja na nusu kabla ya "mstari". Kituo hapo hakisikiki vibaya, kinasikika kama mwalimu anangoja darasa litazame.

Maandishi ya skrini nitayapitia haraka. Yanafaa kuwa mafupi kuliko sauti lakini yatumie maneno yale yale. Sauti ikisema "hafifu" na skrini iseme "uliofifia", mtu anadhani ni vitu viwili. Na hili huwa linatokea studio, msomaji anabadilisha neno moja ju linamkwaza, kila mtu anakubali, hakuna anayekumbuka kurudi kubadilisha slaidi na manukuu ya chini. Kaa na kalamu studio. Kitu kingine, maandishi yaliyo ndani ya picha ya kifaa halisi hayatafsiriwi. Kipimo cha malaria kina herufi C na T zimechapishwa juu ya plastiki, C ni mstari wa kuonyesha kipimo kimefanya kazi na T ndio wa ugonjwa. Kuna rafiki aliwahi kuzigeuza kwa kiswahili zikaanza na herufi zingine, mwanafunzi akishika kipimo mkononi haoni hizo herufi mahali popote.

Sasa kwizi, na hapa ndio nataka tukae kidogo ju sijaona watu wakiizungumzia. Kizungu kilikuwa na swali la kujaza pengo: kifaa fulani kinatumika mara moja tu kisha kinatupwa kwa sanduku la usalama, chagua ni gani. Nikatafsiri hivi:

"____ kinatumika mara moja tu kisha kinatupwa."

Chaguo: chupa ya dawa, saa, kalamu, kisindano.

Soma tena. "Kinatumika". Chupa inatumika, saa inatumika, kalamu inatumika, ni kisindano peke yake ndicho kinatumika. Swali limejijibu. Mtu ambaye hajawahi kuona kipimo cha malaria maishani, lakini amelelewa na kiswahili, atapata alama kamili, na hatajua hata kwa nini amechagua hilo, sikio tu limemwambia. Kizungu hakina huu mtego kwa sababu kitenzi chao hakijali kama ni chupa au kisindano. Sisi ngeli inavujisha jibu. Na ukijaribu kujificha kwa kuandika "inatumika" ndio unaharibu zaidi, ju sasa jibu sahihi ndilo linasikika makosa.

Njia yangu ya kutoka hapo ni kiambishi "hu-". Kile cha mazoea, hakibebi nafsi wala ngeli:

"____ hutumika mara moja tu kisha hutupwa."

Chupa hutumika, saa hutumika, kisindano hutumika, zote zinaingia bila kukwaruza. Mpaka sasa ndio njia fupi kuliko zote nimepata. Lakini iko na mpaka wake: "hu-" haina ukanushaji. Swali likiwa "gani haitumiki tena", ngeli imerudi. Hapo unabadilisha umbo, unaweka neno moja linalobeba ngeli kwa niaba ya yote: "Ni kifaa gani hakifai kutumika mara ya pili?" Sasa "ki-" inafuata "kifaa", haifuati jibu. Ni ndefu kidogo lakini swali la kwizi halisomwi na sauti mara nyingi, kwa hivyo sekunde sio shida, nafasi kwa skrini ndio uangalie.

Ukitaka kujua kama kwizi yako inavuja, mpe mtu ambaye hajafanya kozi. Mimi nilimpa binamu yangu anayeuza spea za pikipiki Kondele, hajui chochote kuhusu malaria zaidi ya kuugua. Lile swali la kisindano alilipata kwa sekunde tatu. Swali ambalo mtu kama huyo analipata bila kufikiria, ichunguze ngeli yake, alafu angalia urefu wa chaguo, maana pia huwa tunaeleza jibu sahihi kwa uangalifu mpaka linakuwa refu kuliko mengine yote.

Ngeli inarudi tena kwa ujumbe wa majibu, hasa kama kuna nafasi ambayo kompyuta inajaza yenyewe. Utaona vitu kama hivi kwa jedwali:

```
%chaguo%
%Results.ScorePercent%
```

Kilicho katikati ya hizo alama za asilimia hakitafsiriwi, ni jina la kisanduku chenye kompyuta inachota kitu, ukibadilisha herufi moja namba haitokei. Hio watu wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba maneno yanayozunguka kisanduku pia lazima yakubali kitu chochote kitakachoingia. "Umechagua %chaguo%, haifai" itakuwa sawa kwa saa na kalamu, alafu kwa "kisindano" inasikika kama mtu amejifunza kiswahili juzi. Suluhisho ni lile lile, weka neno lako la kubeba ngeli:

```
Umechagua: %chaguo%. Jibu hili si sahihi.
```

Na alama usiandike "Umepata maswali 1". Andika "Majibu sahihi: 1 kati ya 10", inakubali namba yoyote bila kujali umoja na wingi.

Kuhusu toni, kizungu kinapenda kuanza na kuomba msamaha mtu akikosa. Ukiandika "Samahani, si sahihi" ni kama kozi ndio imekosea. Mimi naandika "Pole, sio hilo" au "Bado", alafu sababu. Hio sababu isome mara tatu, ju kawaida ujumbe mmoja wa kukosa unatokea kwa chaguo zote mbaya. Ukiandika "Huo ni mstari wa C" na mtu alikuwa amechagua "hakuna mstari wowote", umemchanganya bure. Andika kitu kitakachokuwa kweli hata angechagua gani: "Pole, sio hilo. Bila mstari wa C kipimo hakijafanya kazi, hata kama T imeonekana. Rudia na kipimo kipya."

Kulikuwa na swali moja la kuandika jibu mwenyewe. Umeanza kupima saa 9:10 asubuhi, utasoma matokeo saa ngapi? Kizungu kilikubali 9:25 peke yake. Sasa sisi saa inayoonyesha 9:25 tunaiita saa tatu na dakika ishirini na tano, kwa hivyo mtu mwenye akili timamu anaandika 3:25, mwingine 9:25, mwingine "saa tatu na dakika 25", na wote wamepata lakini kompyuta inawaambia wamekosa wote isipokuwa mmoja. Unaweza kuongeza majibu yanayokubalika kwa orodha, lakini maneno hayaishi, kuna mwenye ataacha nafasi mbili, kuna mwenye ataandika "tatu na dakika ishirini na tano asubuhi". Niliomba ligeuzwe liwe la kuchagua, na picha ya saa ya mishale badala ya tarakimu. Hilo walikubali.

Lakini kosa lililoniuma zaidi halikuwa la sekunde wala la ngeli. Tulipeleka kozi kwa majaribio na kikundi cha wahamasishaji upande wa Ahero, watu wanaopima malaria kila wiki. Kwenye picha ya mistari yote miwili, C na T, karibu wote walichagua jibu lile lile la makosa. Mimi nilikuwa nimetafsiri majibu kuwa "Chanya", "Hasi" na "Kipimo kimeharibika". Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, si chanya ni kitu kizuri? Mtoto hana malaria, si hio ndio chanya?" Kamusi ilikuwa upande wangu, lakini yeye ndiye angekuwa na mtoto mwenye homa mbele yake. Watu wakikosa swali kila mtu kivyake, hawajui somo. Wakikosa wote kwa kuchagua jibu moja, na unajua kazi wanaijua, basi neno lako ndio limekosa.

Tulibadilisha ikawa "Malaria imeonekana", "Malaria haijaonekana", "Kipimo hakijafanya kazi". "Haijaonekana" niliichagua makusudi badala ya "hana malaria", kwa sababu kipimo kinasema kilichoonekana tu, na mgonjwa anaweza bado kuwa mgonjwa. Alafu ikabidi nirudi kwa sauti, ju "chanya" ilikuwa imesemwa kwa slaidi nne, na "malaria imeonekana" ni silabi kumi mahali palikuwa na mbili. Tulirekodi upya asubuhi moja kabla boda boda hazijaanza kupiga kelele nje, slaidi tatu zikaingia, ya nne tukaongeza sekunde mbili kwa taimilaini.